Meseji tatu za kupunguza wagonjwa wanaokosa miadi

Mimi hukaa mapokezi ya kliniki ya meno hapa Mombasa. Kiti cha daktari kikikaa bure nusu saa, nusu hiyo hairudi, na kuna mtu mwenye jino linalomuuma aliyeambiwa hakuna nafasi. Kwa hivyo napanga vikumbusho nikiwa na lengo moja: asiyeweza kuja aniambie mapema, nimwite mwingine. Kumkumbusha aliyesahau ni nusu tu ya kazi.

Tuchukue mfano wa Mwanaisha, anayeishi Likoni. Miadi yake ni Alhamisi saa tatu asubuhi.

Hatua ya 1: Thibitisha papo hapo

Akishapewa miadi, mtumie meseji kabla hajaondoka mapokezi, umwombe aangalie simu yake. Namba iliyoandikwa vibaya hujulikana hapo hapo. Wakati huo pia muulize kama anaridhia kupokea vikumbusho na kama simu hiyo hutumiwa na mtu mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na simu ya nyumbani husomwa na wengi.

Hatua ya 2: Siku tatu kabla, omba jibu

Hii ndiyo meseji yenye uzito. Itume Jumatatu mwendo wa saa kumi na moja na nusu jioni, watu wakiwa wametoka kazini na Magharibi haijaadhiniwa. Mwezi wa Ramadhani mimi huituma asubuhi, kwa sababu jioni kila mtu anashughulikia futari. Ukingoja mpaka siku moja kabla, atakumbuka, ndiyo, lakini akisema haji hutakuwa na muda wa kumtafuta wa kumrithi.

Zamani tulikuwa tukiandika hivi:

```
Mpendwa mteja, unakumbushwa miadi yako Alhamisi saa 3. Asante.
```

Kijana mmoja alitufikia saa tisa alasiri. Alisoma "saa 3" kwa saa ya Kizungu, na hakukosea yeye, tulikosea sisi. Meseji hiyo pia haitaji mtu wala mahali, na haimpi njia ya kujibu. Sasa tunaandika:

```
Bi Mwanaisha, tunakungoja kliniki yetu ya Mwembe Tayari Alhamisi tarehe 12, saa tatu asubuhi (09:00). Jibu 1 kama unakuja, 2 tukubadilishie siku.
```

Saa imeandikwa kwa njia mbili. Neno "meno" halimo, wala jina la matibabu, kwa ajili ya yule mwingine anayeshika simu. Herufi ni 145, na meseji moja ya kawaida hubeba 160. Ukitia emoji hata moja, simu hubadilisha mfumo wa herufi, kila kipande hubeba 67 tu, na utalipia meseji tatu badala ya moja.

Angalia pia jina la mtumaji. Meseji inayotoka kwa jina la kliniki badala ya namba haijibiki, hata ukiandika "Jibu 1". Tumia namba ya simu au namba fupi inayopokea majibu. Na ukisajili jina, lisiwe la matangazo, maana waliofunga matangazo kwenye laini zao hawataipata.

Hatua ya 3: Siku moja kabla, piga simu kwa walionyamaza

Aliyejibu 1 mwache. Aliyejibu 2 mpe siku nyingine, kisha mwite wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Walionyamaza ndio wa kupigiwa. Anza na wale ambao ripoti ya mfumo wa kutuma meseji inaonyesha haikuwafikia.

Hatua ya 4: Asubuhi yenyewe

Ukibaki muda wa saa mbili na nusu kabla ya miadi, mtumie meseji; mstari mmoja unatosha. Mtu wa Likoni anahitaji muda wa foleni ya feri, kwa hivyo ukimkumbusha saa moja kabla umechelewa.

Barua pepe inafaa wapi?

Kwa kukumbusha, nachagua SMS: haihitaji bando na hufika hata kwenye simu ya kabambe. Barua pepe husomwa mtu akipata nafasi, pengine miadi imeshapita. Lakini kwa maelezo marefu ina faida: ramani, karatasi za bima, au maagizo ya kabla ya kung'olewa jino. Hayo mtumie siku ileile ya kupanga miadi, na usiweke jambo la lazima humo peke yake.

Hatua ya 5: Hesabu

Kila wiki gawa waliokosa bila taarifa kwa miadi yote. Walioghairi mapema waandike kando, kwani wao ndio matunda ya Hatua ya 2, na wakiongezeka ni habari njema. Linganisha wiki nne za kabla na nne za baada, na usilinganishe Ramadhani na mwezi mwingine. Kwa kliniki yenye miadi ishirini kwa wiki, kushuka kutoka watano hadi watatu katika wiki moja kunaweza kuwa bahati tu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, saa ya kutuma au maneno, la sivyo hutajua ni kipi kilichofanya kazi.