Kiatu cha kushoto kilichogeuka ndani nje: namna ya kumnasa mchawi

Nilikuwa na modeli ya kiatu cha kulia tu. Cha kushoto nikakipata kwa njia ya mkato: modeli ileile, skeli ya -1 kwenye mhimili wa x. Kwenye skrini, cha kulia kilikuwa sawa. Cha kushoto kikawa kama soksi iliyovuliwa kwa haraka: ukikitazama kwa ubavu, ubavu wa karibu haupo, unaona bitana ya upande wa pili. Nilipoteza saa nzima nikikagua faili la modeli, kumbe halina kosa lolote.

Hatua ya 1: Zima uchujaji wa nyuso za nyuma.

```cpp
glDisable(GL_CULL_FACE);
```

Kiatu kikirudi kuwa kizima, basi kadi ya michoro inatupa pembetatu za mbele ikidhani ni za nyuma. Kikibaki vilevile, kagua kwanza jaribio la kina. Usiache uchujaji ukiwa umezimwa na kusema umemaliza. Hapo umeficha tatizo tu.

Hatua ya 2: Fuata pembetatu moja kwa kalamu. Chukua vipeo A(0,0), B(1,0), C(0,1). Ukitoka A kwenda B hadi C, unazunguka kinyume cha saa, na kwa OpenGL huo ndio uso wa mbele usipobadilisha chochote. Sasa zidisha x kwa -1: B anahamia (-1,0), wengine hawasogei. Pita tena A, B, C. Safari hii unazunguka kwa mwelekeo wa saa! Mpangilio wa vipeo kwenye kumbukumbu haujaguswa, ila kioo kimegeuza mzunguko. Dalili yake kwenye hesabu ni determinanti ya matriksi kuwa hasi.

Hatua ya 3: Pima determinanti kabla ya kuchora kila kitu.

```cpp
float d = glm::determinant(glm::mat3(model));
glFrontFace(d < 0.0f ? GL_CW : GL_CCW);
```

Hapa nilijikwaa mara ya pili. Mwanzoni niliandika `if (scale.x < 0)`, kiatu kikapona. Ila kifungo chake, ambacho ni mtoto wa kiatu, nacho kilikuwa na -1 yake. Hasi mara hasi ni chanya: kifungo hakikuhitaji kugeuzwa, nami nikakigeuza. Vivyo hivyo skeli ya (-1, -1, 1) ni mzunguko wa nyuzi 180 tu, si kioo. Kwa hiyo `model` iwe matriksi kamili, ya mzazi na mtoto zikiwa zimeshazidishwa.

Hatua ya 4: Washa tena uchujaji, kisha tazama mwanga. Nomali zikipita kwenye `transpose(inverse(mat3(model)))` zitabaki zikitazama nje, hata kiatu kikiwa kimepinduliwa kwa kioo. Lakini mimi, kwa kukwepa kugawanya, nilikuwa natumia matriksi ya kofakta, ambayo ni hiyohiyo ikiwa imezidishwa kwa determinanti. Nomali zote zikageuka ndani, kiatu kikawa cheusi upande wa taa. Nilizizidisha kwa alama ya `d`, kikang'aa.