Jinsi ya kumwomba mwenye fremu mkataba wenye wakili na stempu ya TRA

Ukitaka kufungua duka, saluni au ofisi ndogo hapa Tanzania, mkataba wa pango utaulizwa mapema: TRA wanapokufanyia makadirio ya kodi, na halmashauri unapoomba leseni ya biashara. Hiyo ndiyo sababu yako nzuri kuliko zote ya kumwomba mwenye fremu muandikishane rasmi, kwa sababu haimtuhumu kwa lolote.

Mwombe kabla hujatoa hela. Ukishalipa miezi sita au mwaka, hana haraka tena ya kwenda kwa wakili. Kama ni mtu mzima, ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo mama. Fremu nimeipenda na hela ya mwaka ipo. Naomba kabla sijalipa tusaini mkataba mbele ya wakili, kisha niupeleke TRA ukapigwe stempu, maana bila huo leseni sitapata. Gharama ya wakili na stempu nitalipa mimi. Na wewe utabaki na nakala yako, hata nikichelewesha kodi au nikiharibu kitu una pa kunibana."

Akisita, mara nyingi haogopi wakili, anaogopa kodi ya zuio, yaani sehemu ya pango inayokatwa na kupelekwa TRA. Hapo pazungumzwe waziwazi, maana ndipo wengi wanapogombana baadaye. Tuseme fremu ni shilingi 150,000 kwa mwezi na unalipa mwaka mzima, yaani 1,800,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka: 18,000. Zuio ni asilimia 10: 180,000. Wewe mfanyabiashara unatakiwa kuikata 180,000 kwenye malipo, umkabidhi mwenye fremu 1,620,000, kisha ile uliyokata uipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kodi hiyo ni ya mwenye fremu; wewe unaikusanya tu, na cheti cha zuio anapewa yeye akitumie kwenye hesabu zake za kodi. Lakini usipoikata, TRA watakudai wewe. Wenye fremu wengi husema "mimi nataka yangu kamili, zuio utajua mwenyewe." Ukikubali, jua kwamba umepandishiwa pango, na uipige hesabu hiyo kabla ya kusaini.

Usikubali kuandika pango dogo kuliko mnalolipana ili kupunguza makato. Mkataba ukisema 80,000 kwa mwezi, siku akikutoa katikati ya mwaka na ukadai kurudishiwa hela ya miezi iliyobaki, utahesabiwa kwa hiyo 80,000.

Kabla ya kwenda kwa wakili, hakikisha anayesaini ndiye mwenye mali. Omba kuona hati, leseni ya makazi au karatasi za mauziano, ulinganishe jina na kitambulisho chake cha NIDA. Nyumba ikiwa ya marehemu, anayesaini awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, siyo mtoto yeyote mnayemkuta nyumbani. Dalali hasaini kwa niaba ya mtu bila idhini ya maandishi.

Kwa wakili nendeni wote wawili, kila mmoja na kitambulisho na shahidi wake. Chapisheni nakala tatu na msaini kila ukurasa mbele yake. Wakili anashuhudia saini anayoiona ikiwekwa, kwa hiyo karatasi iliyosainiwa nyumbani jana irudiwe. Someni kwanza vifungu vya muda, kiasi, namna ya kulipa, notisi, nani anatengeneza paa likivuja, na hela inarudishwaje mkiachana mapema. Kodi ilipwe kwa benki au simu yenye jina lile lile la kwenye mkataba.

Baada ya hapo una siku 30 tangu kusaini kuupeleka mkataba TRA. Watakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa ile 18,000, na risiti unaibana pamoja na mkataba. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoumiza: mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia uongozi kukutambua kama mpangaji wa eneo lile, lakini hauchukui nafasi ya stempu.

Kwa Msajili wa Hati huna haja ya kwenda ikiwa mkataba ni wa mwaka mmoja au chini ya hapo. Mkipanga kukaa miaka mingi, hasa kama utajenga au kubadilisha jengo, mwulize wakili kuhusu usajili siku hiyo hiyo ya kusaini.

Mwaka ukiisha na mkakubaliana kuendelea, andikeni mkataba mpya na uulipie stempu yake. Ile ya mwanzo haihami.