Kabla hujanywa soda ya kuokea kwa ajili ya mita 400

Kwanza jiulize unakimbia mbio gani. Kama ni mita 100, acha. Mbio zinakwisha kabla asidi haijakusumbua miguuni, na tumbo utaliumiza bure. Baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea ya jikoni, huanza kusaidia kwenye juhudi ya karibu nusu dakika na kuendelea, kwa hiyo kwa watu wa mbio fupi tunaongelea mita 400. Haiingii ndani ya misuli. Inakaa kwenye damu na kuipa uwezo wa kupokea asidi inayotoka misulini kwa kasi zaidi, ili miguu ichelewe kidogo kuwa mizito ukishatoka kwenye kona ya mwisho. Kidogo tu, na wapo wasioona tofauti yoyote.

Si dawa iliyokatazwa. WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, hawajaiweka kwenye orodha yao.

Hakikisha umenunua kitu sahihi. Ukimwambia muuza duka "magadi" anaweza kukupa yale ya mawe ya kulainishia maharage, ambayo ni makali zaidi na yataunguza koo. Bekingi poda nayo siyo, imeshachanganywa na asidi na wanga. Soma pakiti.

Halafu pima kwa mizani. Hapa nisikilize vizuri, maana nililipia.

Nilikuwa na kilo 62. Kipimo kinachotajwa sana ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwangu gramu 18.6. Mwenzangu akaniambia hiyo ni vijiko vinne vya chai, nami nikachota vinne, vya kilima. Nikakoroga kwenye glasi moja ya maji na kunywa yote kwa mkupuo saa tatu asubuhi, mchujo ukiwa saa nne na robo. Sikuwa nimekula; niliogopa kuwa mzito. Baada ya dakika kumi nikaanza kucheua mfululizo, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Nikajidanganya kwamba itapita. Nikiwa katikati ya kupasha mwili moto, likaanza kukata kwa chini. Nilienda chooni mara tatu, na mara ya tatu nilisikia jina langu likiitwa kwenye kipaza sauti nikiwa nimechuchumaa. Mbio zikaondoka bila mimi.

Jioni nikapima vijiko vinne vilevile kwenye mizani ya dukani: gramu 28. Ndiyo kusema nilikunywa karibu 0.45 kwa kila kilo.

Kilichotokea kina sehemu mbili, na dalili zake hazifanani. Soda ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu moja ikimalizika kugeuka inatoa karibu mililita 300. Tumbo halina asidi ya kugeuza gramu 28 kwa mara moja, lakini hata sehemu yake tu inatoa gesi ya kutosha kulivimbisha. Hapo ndipo kucheua na kichefuchefu vinapoanza, mapema. Inayobaki inashuka utumbuni ikiwa ni chumvi nyingi mahali pamoja, na chumvi inavuta maji kutoka mwilini kuingia utumbuni. Huko ndiko kuhara kunakotoka, na ndiyo maana kunachelewa mpaka ukaribie mstari.

Kwa hiyo punguza, gawanya, kula. Mimi baadaye nilianzia 0.2, gramu 12, kwa mafungu matatu ya gramu nne: dakika 150, 120 na 90 kabla ya mbio. Fungu la kwanza nililipeleka na vipande vinne vya mkate mweupe na ndizi mbili, na maji kama mililita 400 niliyoyanywa polepole hadi fungu la mwisho. Niliendelea kucheua kidogo, lakini sikuhara tena. Vidonge vya kapsuli husaidia wengine, ila ni vingi kumeza.

Jaribu mazoezini, tena zaidi ya mara moja, siku ya kazi ngumu yenye mita 300 za kasi, kwa saa zilezile na chakula kilekile. Baikaboneti kwenye damu ya mmoja inafika kileleni baada ya saa moja, ya mwingine baada ya saa mbili na zaidi, hivyo ratiba yangu usiibebe kama ilivyo. Ukihara kwenye 0.2 iliyogawanywa, tumbo lako limekataa, usilazimishe.

Mchujo asubuhi na fainali jioni, usirudie kipimo kizima. Gramu 12 zina zaidi ya gramu tatu za sodiamu, zaidi ya kinachoshauriwa kwa siku nzima. Mwenye presha au figo asiguse bila daktari. Wala usiwape watoto wa shule. Na choo cha uwanja kitafute kabla hujafungua pakiti, si baadaye.