Somo: Mmoja nyumbani kagundulika na TB. Nani mwingine apimwe, na kwa nini dawa zisikatizwe

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili kipande kipande, leo naliweka lote mahali pamoja. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ni kufuata nyumba ambazo mtu amegundulika na kifua kikuu, niwaibue wengine kabla hawajazidiwa. Nitatumia nyumba moja ya mfano, ya fundi magari wa umri wa miaka 34, mkazi wa Mbagala, ambaye makohozi yake yalisomeka ana TB. Nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane.

Hatua ya 1. Mgonjwa aanze dawa. Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Ukidaiwa hela ya vidonge, muone mratibu wa TB wa wilaya.

Hatua ya 2. Omba ruhusa yake kabla ya kwenda kwake, na mpatane utajitambulishaje kwa majirani.

Hatua ya 3. Orodha ya watu. Hapa ndipo kazi inapoharibika, nami sijitoi. Ukiuliza "mnaishi wangapi hapa?" utaambiwa wanaolipa kodi na kula pamoja. Fundi wetu alijibu wanne: yeye, mke, mtoto wa miaka 9 na mama mkwe. Orodha imekwisha, unaaga, umeacha watu wawili nje.

Swali sahihi ni hili: katika miezi 3 kabla hujaanza dawa, nani amelala chini ya paa hili hata usiku mmoja, na nani umekaa naye muda mrefu mchana ndani ya chumba kilichofungwa? Kisha tembea nyumba nzima ukiuliza kuhusu kila sehemu ya kulala. "Na hili godoro lililokunjwa nyuma ya kochi ni la nani?" Godoro lilikuwa la mpwa wa miaka 17 anayelala sebuleni, hakuhesabiwa kwa sababu "yule ni wa kuja tu". Uliza pia nani ameondoka. Mke akakumbuka kwamba baba alipoanza kukohoa sana, mtoto wa miaka 3 alipelekwa kwa bibi yake Kilosa "asije akaambukizwa". Nia njema, ila mtoto alikuwa tayari ameshavuta hewa ile kwa wiki nyingi. Aliyeondoka bado ni wa orodha yako. Andika jina, mahali alipo na namba ya simu ya anayemlea, na mratibu wa wilaya yako awasiliane na mwenzake wa kule.

Angalizo: usisahau mahali pa kazi. Gereji ya wazi yenye upepo si sawa na chumba cha kushonea cherehani tano kisicho na dirisha. Vijidudu vya TB huelea hewani, kwa hiyo angalia hewa inatokaje, idadi ya watu peke yake haikwambii kitu.

Hatua ya 4. Uchunguzi. Maswali ni manne: kikohozi, homa, jasho jingi la usiku, kupungua uzito. Anayeishi na VVU usimsubirishe wiki 2 za kikohozi. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka apimwe. Kwa mtoto mdogo omba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito uliolala badala ya kupanda unasema zaidi ya kikohozi. Asiye na dalili naye aende kituoni. Penye eksirei apigwe, kwa maana wapo wenye TB ambao hawakohoi.

Hatua ya 5. Makohozi. Sukutua kwa maji, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani. Tunataka kitu kizito. Mate meupe mepesi yatarudisha jibu la uongo. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko vikifunguliwa maabara hubadilishana, na makohozi ya Asha yanakuwa ya Juma.

Mtoto asiyeweza kukohoa hupimwa kwa kinyesi, au majimaji ya tumboni yanayotolewa asubuhi kabla hajala. Kukosa makohozi si sababu ya kumwacha.

Hatua ya 6. Tiba kinga. Hii ni ya wale ambao uchunguzi umeonyesha hawana ugonjwa, na wa kwanza kufikiriwa ni watoto chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU. Ipo ya kila siku na ipo ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Umri, uzito na dawa nyingine anazotumia mtu ndivyo vinavyoamua.

Onyo: usimpe mtu tiba kinga kabla hajahakikishwa kuwa hana TB. Tiba kinga ni dawa moja au mbili. Ugonjwa kamili unaanza na nne. Ukimpa mgonjwa dawa pungufu, unaua vijidudu dhaifu na kuviachia uwanja vile vinavyoistahimili dawa hiyo.

Nyumba ya fundi iliishia hivi. Mpwa alikuwa anakohoa wiki 3, GeneXpert ikasoma TB. Mtoto wa Kilosa hakuwa na kikohozi cha maana, ila kadi ilionyesha uzito haujapanda. Kinyesi kikasoma TB naye akaanza matibabu kulekule. Mke, mama mkwe na mtoto wa miaka 9 hawakuwa na ugonjwa, wakapewa tiba kinga. Tazameni: wagonjwa wote wawili ni wale ambao hawakuwemo kwenye "tuko wanne".

Hatua ya 7. Dawa mpaka mwisho. TB ya kawaida ya mapafu kwa mtu mzima ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, etambutoli), halafu miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito, kwa hiyo akinenepa apimwe tena.

Shida ni kwamba mtu hupata nafuu mapema. Wiki za kwanza zinakufa vijidudu vinavyozaliana kwa kasi, ndivyo vinavyoleta homa na kikohozi. Vilivyojificha, vinavyozaliana polepole, havimuumizi, lakini havijafa. Miezi inayobaki ni kwa ajili ya hivyo. Akiacha mwezi wa tatu, vinaamka. Akinywa leo, akaruka kesho, ndivyo anavyoweza kuchagua vile sugu na kuvitunza.

Hapo orodha ya hatua ya 3 inafunguliwa upya. Mpwa na mtoto wanaanza tena kuvuta hewa ile ile, na safari hii inaweza kuwa ya TB sugu, ambayo tiba kinga ya kawaida haiizuii. Ndiyo maana siku ninayokwenda kuchunguza wanakaya ndiyo siku tunayochagua msimamizi wa dawa. Kwa fundi alikuwa mama mkwe. Anamuona akimeza, anatia alama kwenye kadi. Nikipita naomba kadi na pakiti, nahesabu vidonge vilivyobaki. Alama zikiwa kamili na vidonge vimezidi, tunakaa chini tuzungumze.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Sijasoma yote mkuu, ni ndefu. Tiba kinga ni vidonge vingapi nikanunue?

Mwandishi: Hatua ya 6. Usinunue chochote.

Dereva Bajaji: Niko wiki ya 5, nakula vizuri, kikohozi kimeisha, naenda mzigoni kama kawaida. Si nimepona? Vidonge vinanichosha.

Mwandishi: Hujapona. Umesoma hatua ya 7 au umesoma kichwa cha habari?

Dereva Bajaji: Nimesoma. Nauliza kwa sababu miguu inawaka moto usiku na kwa nesi naogopa kugombezwa.

Mwandishi: Ungeanza na hilo, ndugu yangu. Kuwaka moto na ganzi miguuni mara nyingi ni isoniazidi, na kuna vitamini B6 kwa ajili hiyo. Kesho nenda, sema hivyo hivyo ulivyoniandikia, na uwaambie kama unakunywa pombe. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, ni rifampisini. Lakini macho yakiwa ya njano, unatapika, au huoni vizuri, nenda siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Bi Mkubwa: Mwanangu, vikombe na sahani zake tutenge?

Mwandishi: Shikamoo bibi. Hapana, TB ya mapafu haipiti kwenye vyombo. Kuleni pamoja. Fungueni madirisha, na afunike mdomo akikohoa. Kama kuna chumba, wiki za kwanza alale peke yake.

Mtu wa Kweli: Nyie ndio mnaoharibu watu. Mtaani kwetu walikuja na fulana zimeandikwa TB mgongoni. Mwenye nyumba kamfukuza mpangaji.

Mwandishi: Fulana mimi sivai, na hatua ya 2 nimeiweka kwa sababu hiyo. Usinibebeshe ya wengine. Ila ni kweli, na mgonjwa akikataa nisiende kwake, wanakaya wanaweza kuja kituoni mmoja mmoja.

Mwanafunzi wa Maabara: Kwa nini mwishoni mwa mwezi wa 2 mnarudi kwenye hadubini wakati GeneXpert ni bora zaidi?

Mwandishi: Swali zuri hili. GeneXpert inasoma vinasaba, na vinasaba vya vijidudu vilivyokufa hubaki kwenye makohozi muda mrefu. Mgonjwa anayeendelea vizuri anaweza kusomeka bado ana TB. Hadubini nayo haitenganishi kikamilifu hai na mfu, lakini inakuonyesha kama idadi inashuka. Ikionekana bado vipo, tunauliza kwanza dawa zilimezwaje, halafu sampuli inapimwa usugu. Kujua kwa hakika kama kijidudu ni hai, kioteshwe, na hilo huchukua wiki kadhaa.

Mama Wawili: Mimi natumia vidonge vya uzazi wa mpango, vinagongana?

Mwandishi: Ndiyo dada, rifampisini inapunguza nguvu yake, na kijiti pia. Waambie kliniki wakupe njia nyingine kabla hujatoka na dawa za TB. Wengi hawaulizwi.

Dereva Bajaji: Nimepewa B6. Nikisahau dozi asubuhi?

Mwandishi: Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, meza ya kesho tu, usizidishe. Zikikosekana siku kadhaa rudi kituoni na pakiti zako, wao ndio wataamua pa kuanzia.

Mtoto wa Moro: Wale panya wa SUA je, ni kweli wananusa TB?

Mwandishi: Kweli, panya buku wa APOPO. Wananusa sampuli ambazo vituo vimeshapima, wakionyesha dalili kwenye iliyosemwa haina kitu, maabara inathibitisha ndipo mgonjwa anatafutwa. Ukipigiwa simu kwamba jibu lako limebadilika, usidhani ni matapeli.

Mtoto wa Moro: Na kama nilihama, namba nayo nimebadilisha?

Mwandishi: Basi hakupati mtu. Ukitoa makohozi acha namba mbili, yako na ya mtu asiyehamahama.