Kuotesha choroko jikoni kwa siku mbili bila kuziozesha

Mwongozo huu unahusu choroko peke yake, kwa kipimo cha kikombe kimoja, kwa hali ya hewa ya Kigoma mjini, ambako unyevu wa ziwa na joto huifanya kazi hii iwe ya haraka na vilevile iwe rahisi kuharibika. Nimechagua choroko kwa sababu huota upesi kuliko kunde na dengu, na kwa sababu makosa yote makubwa ya kuotesha huonekana ndani yake katika muda wa siku mbili tu. Anayeweza kuotesha choroko vizuri hapati tabu sana na ulezi au ngano, kwa kuwa kanuni ni zilezile.

Kuchagua choroko

Choroko za kuotesha lazima ziwe hai, na hapo ndipo wengi hukwama kabla hata ya kuanza. Choroko zilizokaa ghalani miaka mingi hupikika bila shida lakini haziamki, na zile zilizopasuliwa au kubunguliwa na wadudu huoza ndani ya maji na kuziambukiza zile nzima zilizo karibu. Ninaponunua pale soko la Mwanga huomba kwanza kiganja kimoja, nikazihesabu punje 20, nikazifunga katika kitambaa kibichi na kuziacha hadi kesho yake usiku. Zikiota 18 au zaidi, hurudi kununua kilo. Zikiota 12, huzinunua kwa ajili ya kupika tu.

Swali jingine la kumuuliza muuzaji ni kama choroko zimechanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu, nalo huulizwa kwa adabu lakini bila aibu. Choroko zenye vumbi jeupe lisilo la kawaida au harufu kali ya dawa sizioteshi, wala sizili. Mbegu za kupandia zilizopakwa rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu haziingii jikoni kabisa, hata zikioshwa mara kumi, kwa kuwa rangi hiyo imewekwa makusudi ili mtu ajue kwamba zina sumu.

Kuloweka

Chukua kikombe kimoja cha choroko, yaani takriban gramu 200. Zipepete, zichambue mawe na punje zilizotobolewa, kisha uzioshe mara tatu kwa maji safi mpaka maji yatoke meupe. Zitie katika bakuli kubwa na umimine vikombe vinne vya maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa. Kiasi hicho cha maji si cha kupita kiasi, kwa sababu choroko hunywa maji mpaka uzito wake ukaribie kuongezeka maradufu, na zikiyamaliza maji kabla ya asubuhi zile za juu hubaki ngumu.

Nasisitiza maji yaliyochemshwa kwa sababu ya tulipo. Maji yanayochotwa ziwani, hata yakionekana maangavu namna gani, yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu na vya kuhara, nazo choroko zitakaa katika unyevu huo kwa saa nyingi. Asiye na kuni au mkaa wa kutosha kuchemsha maji mengi atumie maji yaliyotiwa kidonge cha kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Muda wa kuloweka ni saa 8 hadi 10. Vitabu vingi vya mapishi huandika saa 12, nami nilifuata hivyo kwa muda mrefu, lakini hicho ni kipimo cha mahali penye baridi. Kwetu, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijakaza, ukipitisha saa 12 utaona povu dogo linajikusanya ukingoni mwa bakuli na kusikia harufu kama ya togwa iliyoanza kuchachuka. Punje inapozama majini muda mrefu hukosa hewa, na badala ya kuamka huanza kufa, wakati bakteria waliokuwa juu ya ganda lake wanastawi. Mwezi wa Juni na Julai, usiku unapokuwa na ubaridi, saa 12 hazina madhara.

Asubuhi yamwage maji yale yote. Usiyapikie wala usiyanywe. Kisha pitisha mkono taratibu katikati ya choroko. Zilizoloweka vizuri zimevimba na ganda linateleza, lakini utakutana na chache zilizobaki ndogo na ngumu kama kokoto. Hizo zitoe mapema, kwa maana hazitalainika hata jikoni, na jino la mgeni wako halina vipuri.

Kuotesha na kusuuza

Chombo ninachotumia ni chujio la plastiki lenye matundu madogo, lililowekwa juu ya sufuria na kuinuliwa kwa vijiti viwili ili chini yake pabaki nafasi ya hewa. Chujio hulisugua kwa sabuni na kulimwagia maji ya moto kabla ya kila mkupuo, na kitambaa cha kufunikia, ambacho ni kipande cha kanga ya pamba iliyochakaa, hukichemsha dakika tano. Mikono huoshwa kwa sabuni kila inapokwenda kuzigusa choroko.

Tandaza choroko ndani ya chujio kwa unene usiozidi vidole viwili, funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, na uweke pembeni mwa jikoni pasipofika jua wala moshi. Kila baada ya saa 8 zimwagie maji safi ya kutosha, uzigeuze kwa upole ili za chini zije juu, kisha utikise chujio mpaka lisidondoshe tone. Mimi hufuata saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Watu wengi hudhani kwamba kusuuza ni kwa ajili ya kuzinywesha choroko maji. Kazi yake kubwa zaidi ni kuzipoza na kuzipatia hewa. Choroko zinazoota hupumua, na kupumua huko hutoa joto. Ukizirundika katika chungu bila kuzigusa kwa nusu siku kisha ukachoma kidole katikati ya rundo, utalihisi joto lililozidi la hewa ya nje. Pale katikati ndipo kuoza huanzia. Vilevile, maji yanayobaki chini ya chombo huziba hewa na kuzalisha ulenda, ndiyo maana naona kutikisa vizuri kuna faida kuliko kuongeza maji.

Hilo nilijifunza kwa hasara. Mwezi mmoja wa Machi, mvua zikinyesha kila siku, niliweka vikombe vitatu katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko nikaenda msibani Ujiji, nikarudi kesho yake mchana. Juu zilikuwa zinapendeza kabisa, mikia yote imetoka. Nilipozamisha mkono, za chini zilikuja zimeshikana kwa ute unaovutika, ganda limegeuka kahawia, na harufu yake ilikuwa ya maji ya maua yaliyosahauliwa. Jirani yangu akaniambia, "Dada, zioshe tu, za juu si nzima?" Sikuzichagua, nilizifukia zote, kwa sababu maji ya suuzo hupita kila mahali na haiwezekani kujua mpaka wa ubovu uko wapi.

Kuna jambo moja linalowatisha bure waoteshaji wapya, hasa wanaojaribu ulezi au ngano. Siku ya pili mzizi huvaa manyoya meupe mafupi, laini kama pamba, nao hudhani ni ukungu. Vinyweleo vya mzizi huzunguka mzizi wenyewe tu, hulala unapozimwagia maji, wala havina harufu. Ukungu hutanda kutoka punje moja hadi nyingine kama utando wa buibui, mara nyingi una rangi ya kijivu au nyeusi, na hunuka uvundo. Ukiona ukungu, tupa zote.

Mfano wa siku zenyewe

Mkupuo wangu wa mwisho niliuloweka Ijumaa saa 2 usiku. Jumamosi saa 12 asubuhi nilimwaga maji na kuzitandaza. Kufikia saa 8 mchana ganda lilikuwa limepasuka katika punje nyingi, na saa 4 usiku ncha nyeupe ilichungulia. Jumapili asubuhi mkia ulikuwa sawa na urefu wa punje yenyewe, na jioni, saa 12, ulikuwa umefika kati ya sentimita moja na moja na nusu. Hapo ndipo nilipozitoa. Ukiziacha mpaka majani ya kijani yafunguke, hasa kwenye mwanga, huanza kuwa na uchungu na mkia huwa na nyuzi.

Kwa nini lazima zipikwe

Joto na unyevu vinavyoamsha choroko ndivyo pia vinavyozalisha bakteria kama salmonela, na bakteria hao mara nyingi huja na mbegu yenyewe kutoka shambani, wamejificha katika nyufa za ganda ambako maji ya suuzo hayafiki. Kwa hiyo hata jikoni safi kabisa linaweza kutoa mimea yenye vimelea, nayo isiwe na harufu wala ute. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mimea michanga iliyooteshwa kwa mbegu za uwatu ilisambaza bakteria hatari wa jamii ya E. koli, watu zaidi ya 3,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki. Mbichi sizipendekezi kwa mtu yeyote, na kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa nasema waziwazi kwamba asizile.

Kupika hakuchukui muda. Mimi hukaanga kitunguu katika kijiko kimoja na nusu cha mawese, natia nyanya mbili na dagaa wakavu waliooshwa kwa maji ya moto, kisha naongeza choroko na nusu kikombe cha maji, nafunika, na kuziacha zichemke kwa nguvu dakika saba hadi kumi. Ziko tayari pale zote, hata za katikati ya sufuria, zinapotoa mvuke na punje inapokatika bila kuwa uji.

Utaratibu huu wa dakika chache haufai kwa maharage, hasa mekundu, hata yakiwa yameota. Maharage yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na kuota hakuiondoi yote. Yamwagie maji mapya na uyachemshe mpaka yaive kabisa kama unavyopika maharage ya kawaida, wala usiyaweke juu ya moto hafifu usiochemka.

Choroko zilizoota ambazo hujazipika siku hiyo hukaa katika friji, zikiwa zimekauka maji na kufunikwa, kwa siku tatu. Pasipo friji, au umeme unapokatika kwa saa nyingi, zipike zote jioni ileile.