SOMO: Jedwali linaonyesha faida, daftari linaonyesha hasara

Haipiti wiki hapa bila mtu kuuliza: "Mkakati wangu ukiupima kwa bei za zamani unaleta faida, nikianza kuufuata unanila. Shida ni nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Haya ni ya mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, na nimeyaandika kwa ruhusa yake.

Hatua ya 1. Andika sheria yako kwa sentensi moja. Yake: nunua bitikoini ikifunga siku juu ya bei zote za kufunga za siku 20 zilizotangulia, uza ikifunga chini ya wastani wa siku 10.

Hatua ya 2. Shusha bei za zamani za kila siku, ziweke kwenye jedwali.

Hatua ya 3. Tenga pesa ya kufikirika (yeye alitenga shilingi 100,000) na ukate ada kila unaponunua na kila unapouza. Binance kiwango cha kawaida ni 0.1%.

Hatua ya 4. Andika ishara baada ya mshumaa kufunga, si kabla. Mshumaa ni kile kipande cha chati kinachobeba bei za kipindi kimoja, hapa siku moja. Hapa someni polepole.

Kijana alikuwa anafungua chati saa tatu usiku, akishakula. Jioni moja bei ya juu kabisa ya kufunga katika zile siku 20 ilikuwa dola 60,000, na chati ikaonyesha 60,500. Akaandika daftarini: nimenunua. Asubuhi anaamka, siku imefunga kwa 59,400. Baadaye sheria ikamtoa kwa 57,900. Ukijumlisha na ada, ile laki ilipungua karibu shilingi 4,500.

Muhula ulipoisha aliongeza bei za miezi hiyo kwenye jedwali, akalilinganisha na daftari. Daftari lilikuwa na manunuzi 11, jedwali 7. Akadhani amekosea fomula. Akapitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu: yale manne ambayo jedwali halikuyajua, yote yalikuwa hasara.

Sababu ni hii. Mshumaa wa siku wa kripto hufunga saa sita usiku ya UTC, yaani saa tisa usiku hapa kwetu. Saa tatu usiku bado kuna saa sita za kwenda, na kile alichokiita bei ya kufunga kilikuwa bei ya wakati huo tu. Jedwali la bei za kufunga halikumbuki kwamba bei ilipanda ikachungulia juu ya 60,000 kisha ikarudi. Linakumbuka ilipoishia. Kwa hiyo ishara zote za uongo za jioni zilikuwa zimeshafutwa kabla hajaanza kupima.

Na hata yale saba hayakuwa safi. Jedwali lilijifanya limenunua kwa bei ileile ya kufunga iliyotoa ishara, wakati bei hiyo huijui mpaka imeshapita. Nunua kwa bei ya kufungua ya mshumaa unaofuata. B ikiwa bei ya kufungua na E ya kufunga, weka hizi kwenye F22 na G22:

```
=IF(E22>MAX(E2:E21),"NUNUA","")
=IF(F22="NUNUA",B23,"")
```

Kama utaamka saa kumi na mbili, daftarini andika bei ya saa kumi na mbili. Usijipe ya saa tisa.

MASWALI

Otis_Umoja: Mkuu, sasa ninunue koini gani?

Mwandishi: Soma tena. Hakuna pesa inayonunua kitu hapa.

kadenge254: Nikiweka chati isome saa za Nairobi si tatizo limeisha?

Mwandishi: Kwa chati nyingi hiyo hubadilisha maandishi ya saa tu, mshumaa unabaki na mpaka wake. Angalia kihesabu cha muda kando ya bei ya mwisho: kikisema zimebaki saa sita, haujafunga.

Otis_Umoja: Lakini mimi huangalia jioni na napata faida.

Mwandishi: Leta daftari, tarehe na saa. Bila hivyo hatuna cha kujadili.

mama_Shiru: Na mishumaa inayofunga kila baada ya saa nne? Mimi saa tisa usiku siamki hata kwa king'ora.

Mwandishi: Swali zuri, dada. Hiyo hufunga saa tisa usiku, saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa alasiri, saa moja jioni na saa tano usiku. Ukichukua ya saa moja asubuhi na ya saa moja jioni uko macho. Ila huo ni mkakati mwingine: mishumaa 20 sasa ni siku tatu na kitu, si siku 20. Ishara zitaongezeka na ada nazo, na ishara za vipindi utakavyolala hutazikuta kwa bei yake. Upime upya kwa masharti hayohayo, usibebe matokeo ya siku.

mama_Shiru: Asante. Mimi hupiga picha ya skrini saa ionekane, kisha naandika kwa kalamu ya wino. Ya penseli nilikuwa najionea huruma nafuta.

kadenge254: Kihesabu nimekiona. Zimebaki saa nne na dakika kumi. Kumbe.