Muamala wa Bitcoin umetoweka kwenye foleni? Lipa upya kwa sarafu zilezile
Ukituma Bitcoin kwa ada ndogo mno, nodi za Bitcoin Core, yaani kompyuta zinazotunza foleni ya miamala inayosubiri kuthibitishwa, kwa kawaida huutupa muamala baada ya saa 336, au mapema zaidi foleni ikijaa. Sarafu bado ni zako. Ila muamala ule una sahihi yako na ungali halali: yeyote aliyeuhifadhi, hata mpokeaji, anaweza kuurusha tena mtandaoni.

Pochi yako hushika sarafu kwa vipande; tuseme ulikuwa unalipa kwa kipande cha 0.03 BTC. Ukilipa upya kwa kipande kingine, mwenzako anaweza kupokea mara mbili, na kurudishiwa ni hisani yake tu. Chagua mwenyewe kwenye pochi kilekile cha 0.03, ongeza ada. Malipo mapya yakishathibitishwa, muamala wa zamani haupiti tena, kwa kuwa kipande hicho kimeshatumika.